Kitunguu saumu kwenye mafuta: jinsi ya kukitengeneza bila kufuga botulizimu ndani ya chupa

Mwezi uliopita wifi yangu alikuja na chupa kumi na mbili kwenye ndoo. Kitunguu saumu kizima kimemenywa, kimejazwa mafuta ya alizeti hadi shingoni, kifuniko kimefungwa, na utepe mwekundu juu. Alitaka nimsaidie kuziuza kwa wateja wangu wa pilipili ya mafuta. Nikamuuliza zimekaa wapi. "Kabatini, wifi. Wiki ya tatu hii, na hazijaharibika hata kidogo, nusa mwenyewe."

Sikunusa. Zote kumi na mbili tulizitupa, akaninunia siku mbili, kisha tukaanza upya pamoja. Naandika tulichofanya, pamoja na pale ambapo mimi mwenyewe niliwahi kupoteza siku nzima kabla yake.

Hatua ya kwanza: elewa kilichomo chupani

Kinachoogopwa ni bakteria aitwaye klostridiamu botulinamu, ambaye sumu yake ndiyo huleta ugonjwa wa botulizimu. Anaishi udongoni, na kitunguu saumu kinatoka udongoni. Mazingira yakimkataa anajifunga ndani ya ganda gumu liitwalo spora, na humo anaweza kungoja miaka. Kuosha hakumwondoi kabisa. Maji yanayochemka hayaiui spora. Viwandani huuawa kwa mvuke wa shinikizo wa nyuzi 121, joto ambalo sufuria ya kawaida haifiki.

Spora kwenye sahani haina madhara kwa mtu mzima mwenye afya, na sote tumezila. Shida inaanza inapoamka, ikaota na kutoa sumu. Ili iamke inataka mambo manne kwa pamoja: pasiwe na hewa, pawe na unyevu, pasiwe na uchachu mwingi, na pawe na joto. Sasa angalia chupa ya wifi. Mafuta yamezuia hewa. Kitunguu kina maji yake ndani. Uchachu wake ni mdogo: pH yake, kipimo cha uchachu ambacho hushuka kadiri uchachu unavyozidi, iko juu ya 5, wakati bakteria huyu anazuiwa kuanzia 4.6 kushuka chini. Na kabati la Dar es Salaam halihitaji maelezo.

Mafuta yenyewe hayana kosa. Chupa ya mafuta matupu inakaa kabatini kwa amani. Hatari iko kwenye punje za kitunguu zenye maji, zilizofunikwa na mafuta.

Kuhusu kunusa: sumu hii haina harufu wala ladha inayoweza kukuonya. Chupa inaweza kutoa vipovu au kifuniko kikavimba, na inaweza isifanye hivyo. Halafu kitunguu saumu kina harufu ya kufunika kila kitu. Kuonja ndiyo njia mbaya kuliko zote.

Yametokea kweli. Mwaka 1985 huko Vankuva, Kanada, watu 36 waliugua botulizimu baada ya kula kwenye mgahawa mmoja. Chanzo kilikuwa kitunguu saumu kilichokatwakatwa na kuwekwa kwenye mafuta ya soya, ambacho kilipaswa kukaa kwenye friji lakini kikawekwa nje. Wagonjwa walikuwa wametawanyika, hivyo madaktari walichelewa kuunganisha habari zao. Mwaka 1989 huko Kingstoni, jimbo la Nyuyoki, watu watatu wakaugua kwa mkate wa kitunguu saumu uliopakwa mafuta ya namna hiyohiyo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikawataka watengenezaji waongeze asidi, kwa kuwa maandishi ya "weka kwenye friji" peke yake hayakutosha. Ndiyo maana ukisoma kopo la dukani mara nyingi utakuta asidi ya sitriki au ya fosforiki kati ya viambato. Chupa ya nyumbani haina kitu hicho.

Hatua ya pili: amua unataka nini

Kama ni matumizi ya nyumbani, usijisumbue na hatua ya tatu. Tengeneza kidogo, weka kwenye friji hapohapo, tumia ndani ya siku nne, kinachobaki tupa. Andika tarehe kwenye kifuniko. Friji iwe nyuzi 4 au chini, na usivuke siku nne, kwa sababu ziko aina za bakteria huyu zinazokua polepole hata kwenye ubaridi. Umeme ukikatika zaidi ya saa nne, chupa hiyo hesabu imekufa.

Ninachofanya mimi kwangu ni kugandisha. Saga na mafuta kidogo, mimina kwenye kitrei cha barafu, vikiganda vitie kwenye mfuko. Vinakaa miezi. Unadondosha kimoja kwenye sufuria ya moto bila kukiyeyusha kwanza. Hiyo ndiyo njia ninayoipenda, na kama huuzi sioni kwa nini utafute nyingine.

Lakini wifi alitaka chupa ya kukaa mezani. Hapo lazima kitunguu kitiwe asidi.

Hatua ya tatu: kutia asidi (soma yote kabla ya kuanza)

Hapa ndipo niliumia. Mara ya kwanza nilikamua ndimu nne ndani ya chupa ya mafuta, nikatikisa, nikajiona fundi. Baada ya dakika kumi maji ya ndimu yote yalikuwa yametuama chini, na kitunguu kimekaa juu yake ndani ya mafuta, hakijaguswa. Maji na mafuta havichanganyiki. Asidi inakaa kwenye maji. Chumvi ni hivyohivyo, haiyeyuki kwenye mafuta, kwa hiyo kijiko cha chumvi unachokitia juu hakimlindi mtu.

Nikanunua karatasi za kupimia pH nikazichovya kwenye yale mafuta. Rangi haikueleweka. Nikabadilisha pakiti, nikarudi dukani kugombana, siku ikaisha. Kosa lilikuwa langu: pH ni habari ya maji, na ndani ya mafuta karatasi haina cha kusoma.

Jambo ambalo ningetaka mtu aniambie siku ile ni kwamba kitunguu kinatiwa asidi kabla hakijaona mafuta. Njia iliyopimwa, na inayofundishwa na chuo kikuu cha Idaho, inatumia asidi ya sitriki, ambayo kwetu inauzwa kwa jina la ndimu ya unga. Situmii ndimu ya kukamua kwa kazi hii tena. Ukali wake unabadilika kutoka tunda moja hadi jingine, na hapa hatuendi kwa kukadiria.

Kwa chupa tulizofanya na wifi, kila fungu lilikuwa hivi:

Kitunguu saumu kilichomenywa gramu 100. Ndimu ya unga gramu 9, ikayeyushwa kwenye maji gramu 291, jumla gramu 300. Ndiyo suluhisho la asilimia 3. Yaani uzito wa suluhisho ni mara tatu ya uzito wa kitunguu. Pima kwa mizani ya gramu, tafadhali. Kijiko cha wifi na kijiko changu si kimoja, tulilinganisha.

Katakata kitunguu vipande visivyozidi nusu sentimita kila upande. Hili wifi alilipinga kwa nguvu zote, kwa sababu punje nzima zinapendeza chupani. Lakini asidi inaingia toka nje kwenda ndani taratibu, na kiini cha punje nzima kinaweza kubaki bila uchachu. Kiini hicho kinatosha kabisa kwa bakteria.

Tia vipande kwenye suluhisho, tumia bakuli la kioo au plastiki. Vitaelea, basi weka kisahani juu vizame vyote. Acha saa 24 kamili. Usiku mmoja ni kama saa kumi, haitoshi.

Asubuhi wifi alinipigia simu akilia kwamba kitunguu kimegeuka kijani, karibu na bluu. Hakijaoza. Kitunguu saumu kikikutana na asidi hufanya hivyo mara nyingine, na hakidhuru. Rangi inaweza kukusumbua kwenye biashara, lakini si ishara ya sumu.

Chuja vizuri. Usisuuze kwa maji, utaiondoa asidi uliyoisubiri siku nzima. Suluhisho lililobaki mwaga, usilitumie kwa fungu la pili, kwa kuwa limekwisha pungua ukali. Ukitaka kupima kwa karatasi, huu ndio wakati wake: ponda vipande vichache vilivyochujwa na upime majimaji yake. Ikisomeka zaidi ya 4.2, mimi sitii mafuta. Najua mpaka ni 4.6, lakini karatasi za dukani si sahihi kiasi hicho, nami nataka nafasi.

Hatua ya nne: mafuta

Uzito wa mafuta ni mara kumi ya uzito wa kitunguu. Kwa gramu 100, kilo 1 ya mafuta. Chupa safi na kavu. Ladha inaingia ndani ya siku moja hadi kumi.

Wifi aliuliza kama anaweza kuongeza tangawizi na pilipili mbichi kwenye chupa hiyohiyo. Hapana. Vipimo hivi ni vya kitunguu saumu. Tangawizi nayo inatoka udongoni, nayo ina maji, na haikupitia asidi.

Na kukaanga je?

Watu wengi huniambia, "mimi nakikaanga kwanza, dada." Mafuta yanaweza kuwa ya moto sana, lakini punje ikiwa bado ina maji, ndani yake joto linazungukia nyuzi 100, na spora inavumilia. Ukifunga chupa ikiwa ya moto, umefukuza hewa na kuua vijidudu vingine ambavyo vingeshindana na spora. Kitunguu kikavu kabisa cha unga ni habari nyingine, maana hakina maji ya kumwotesha. Kilichokaangwa kikabaki laini ndani kinakwenda friji, siku nne zilezile.

Kama umeshakula cha kabatini

Chupa usiionje wala kuichemsha ili uiokoe. Sumu yenyewe, tofauti na spora, huharibiwa kwa kuchemshwa dakika kumi, lakini nani anachemsha mafuta ya kupaka mkate au kunyunyiza kwenye kachumbari? Ifunge kwenye mifuko miwili uitupe mahali watoto na kuku hawafiki.

Dalili kwa kawaida huanza saa 18 hadi 36 baada ya kula, ingawa zinaweza kuja mapema zaidi au kuchelewa hata siku kumi. Kuona viwili viwili, kope kulegea, ulimi kuwa mzito, mdomo kukauka, kumeza kwa shida, kisha ulegevu unashuka mikononi na kifuani. Homa kwa kawaida haipo, na akili iko timamu, ndiyo maana huchanganywa na kiharusi. Nenda hospitali siku hiyohiyo na utaje kitunguu saumu cha mafuta kwa jina. Dawa ya kuzuia sumu ipo, lakini inazuia sumu ambayo bado inazunguka mwilini. Iliyokwisha shika mishipa ya fahamu haing'olewi, na mgonjwa aliyeshindwa kupumua anaweza kukaa kwenye mashine kwa wiki kadhaa.

Wifi sasa anauza chupa za vipande vidogo, zina tarehe na hazina utepe. Tatu za kwanza zilikuwa za kijani, hizo tumekula wenyewe.