Kabla ya kutuma vyeti vyako kwa mwajiri wa ng'ambo

Mwajiri wa nchi nyingine hakijui chuo chako, na hana wajibu wa kukitafuta. Ana maombi mengi mbele yake, na lile linalomlazimu kuanza kuchunguza mfumo wa elimu wa watu wengine ndilo analoliweka kando kwanza. Kumweleza kiwango cha elimu yako ni kazi yako wewe, na inatakiwa iwe imekamilika kabla hujabonyeza kitufe cha kutuma.

Yaliyo wazi nayapitia haraka. Jina lililo kwenye cheti lilingane na la pasipoti, na kama halilingani, ambatanisha hati inayoeleza mabadiliko. Tafsiri ifanywe na mtafsiri anayetambuliwa kisheria, nayo iende pamoja na nakala ya lugha ya asili. Muhuri wa apostili, unaotolewa chini ya Mkataba wa Hague wa mwaka 1961, uupate ukiombwa, ila ufahamu kwamba unathibitisha saini, mhuri na cheo cha aliyesaini tu. Hausemi lolote kuhusu ubora wa elimu yako, na nimewaona watu wakiutegemea kwa jambo usiloweza kulifanya. Skani kila karatasi pande zote mbili. Hili la pande mbili nitalirudia, kwa sababu ndilo lililonigharimu.

Jina la chuo liandike kama lilivyo kwenye cheti, wala usilitafsiri. Maneno ya shule na vyuo hayasafiri vizuri kutoka nchi moja hadi nyingine. Kwa Kijerumani neno «Hochschule» ni taasisi ya elimu ya juu, lakini ukilitafsiri neno kwa neno kwa Kiingereza unapata jina la shule ya sekondari. Kwa Kifaransa «collège» ni sekondari ya chini, ilhali kwingineko neno la asili hiyohiyo hutaja chuo kikuu. Kwa hiyo acha jina lilivyo, kisha mbele yake weka maelezo mafupi: ni chuo kikuu cha umma au cha binafsi, kiko mji na nchi gani, na ni mamlaka ipi iliyokipa ithibati. Kama chuo kimebadilishwa jina au kimeunganishwa na kingine, andika jina la kwenye cheti kwanza, halafu jina la sasa. Mwajiri atakayelitafuta jina la zamani asipolipata atadhani umelibuni. Na kama ulisoma kwenye chuo kishiriki lakini shahada ikatolewa na chuo kikuu mama, yataje yote mawili na useme wazi nani alifundisha na nani alitunuku.

Kabla ya kuandika hayo, kitafute chuo chako mahali anapoweza kukitafuta mwajiri. Hifadhidata ya WHED ya Chama cha Kimataifa cha Vyuo Vikuu huorodhesha taasisi za elimu ya juu za nchi mbalimbali. Kwa Ujerumani kuna anabin, ambako taasisi inayotambuliwa huwekewa alama ya H+, isiyotambuliwa H-, na ile ambayo hali yake hutegemea mazingira huwekewa H+/-. Ukikuta H+/- soma maelezo yake hadi mwisho, kwa kuwa jibu linaweza kutegemea kipindi ulichosoma au kozi uliyochukua. Ni afadhali uyajue haya ungali nyumbani kuliko kuyasikia kwenye usaili.

Jina la sifa yenyewe ndilo linalofuata, na hapa neno la hatari ni «diploma». Katika nchi moja ni kozi ya miaka miwili au mitatu baada ya sekondari, katika nyingine ni cheti cha kumaliza sekondari, na kwingine lilikuwa jina la shahada kamili ya uhandisi. Usiliache peke yake. Andika mambo matatu: ilihitaji sifa gani ili mtu adahiliwe, ilichukua miaka mingapi ya masomo ya wakati wote, na inamruhusu mtu kuendelea na nini. Msomaji akiona kwamba kozi ilianza baada ya kuhitimu sekondari ya juu, ikachukua miaka minne na inamwezesha mhitimu kusoma shahada ya uzamili, ameshaelewa hata kama hajui neno ulilotumia. Kwa waajiri wa Ulaya unaweza kutaja ngazi ya Mfumo wa Sifa wa Ulaya, wenye ngazi 8, ambapo shahada ya kwanza ni ngazi ya 6, ya uzamili ya 7 na ya uzamivu ya 8. Lakini itaje tu ikiwa mamlaka fulani imekulinganishia. Ukijipangia ngazi mwenyewe, mwajiri makini atauliza nani aliyekupa.

Sasa alama. Nilisoma shahada ya uhandisi ya miaka minne katika mfumo ambao ufaulu huanzia asilimia 40 na daraja la kwanza huanzia 70. Nilimaliza na wastani wa 68, wa tano katika darasa la wahitimu 84, nikajiona mtu. Nilipoomba kazi katika ofisi moja ya usanifu nchi ya nje, fomu ya mtandaoni ilitaka wastani katika kipimo cha 0 hadi 4. Nikafanya hesabu ya mtoto wa shule: 68 kugawanya kwa 100, mara 4, nikapata 2.72. Niliijaza bila wasiwasi, nikaskani ukurasa wa mbele wa nakala ya matokeo, nikatuma. Jibu la kukataliwa lilikuja upesi kiasi kwamba nilijua hakuna aliyesoma barua yangu.

Miezi kadhaa baadaye nilizungumza na mwenzangu tuliyehitimu pamoja, aliyemaliza na 64, ambaye ofisi hiyohiyo ilikuwa imemwita kwa usaili. Nilimwuliza alijaza nini. Alicheka. «Hicho kisanduku nilikiacha wazi, maana hakikuwa cha lazima. Wewe ulilisoma lile jedwali la nyuma ya nakala ya matokeo?» Sikuwa nimelisoma, sembuse kuliskani. Nyuma ya karatasi ile, kwa maandishi madogo ya kijivu, kulikuwa na maelezo ya madaraja yote: 70 na zaidi ni daraja la kwanza, 60 hadi 69 ni la pili la juu, na kuendelea. Yeye aliliambatanisha, akaongeza mstari mmoja kwenye wasifu wake: alama 64 katika mfumo ambao daraja la kwanza huanzia 70, nafasi ya 14 kati ya wahitimu 84. Kwa msomaji aliyezoea mfumo ambao mwanafunzi mzuri hupata 90, alama yangu ya 68 ilikuwa ya mtu aliyeponea chupuchupu. Yake, iliyo ndogo zaidi, ilikuwa imeshafasiriwa.

Kosa langu si kwamba nilikosea kugawanya. Kugawanya huko huchukulia kwamba 100 ni alama inayopatikana kweli na kwamba alama zimetawanyika sawasawa chini yake, jambo ambalo halikuwapo chuoni kwetu. Hata kanuni zinazoheshimika zina udhaifu huu. Ujerumani, ambako 1.0 ndiyo alama bora na 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu, vyuo vingi hutumia kanuni iitwayo ya Bavaria:

```
x = 1 + 3 * (Nmax - Nd) / (Nmax - Nmin)
```

Nmax ni alama ya juu kabisa katika mfumo, Nmin ni ya chini ya kufaulu, na Nd ni yako. Weka 100, 40 na 68, utapata 2.6, ambayo kwao ni «ya kuridhisha» tu. Lakini alama ya juu kabisa katika darasa letu ilikuwa 78. Ukiiweka hiyo mahali pa 100, inatoka takriban 1.8, ambayo ni «nzuri». Mtu ni yuleyule na mitihani ni ileile, kilichobadilika ni dari. Anayechagua dari hiyo ni mtathmini, si wewe, na kwa kawaida huchukua ile iliyoandikwa kwenye kanuni za chuo.

Kwa hiyo usibadilishe alama mwenyewe. Acha alama ya asili, taja kipimo chake na mahali ufaulu unapoanzia, kisha toa nafasi yako darasani. Nafasi haihitaji kubadilishwa, kwa kuwa wa tano kati ya 84 ni wa tano popote. Nenda kwa msajili wa chuo uombe barua yenye mhuri inayoonyesha ni wahitimu wangapi wa mwaka wako walipata kila daraja. Yangu ilisema kwamba wahitimu 3 kati ya 84 ndio waliopata daraja la kwanza, na mstari huo mmoja ulifanya kazi kubwa kuliko barua yangu yote ya maombi. Fomu ikikulazimisha kujaza namba ya kipimo cha kwao, tumia iliyotolewa na mtathmini na utaje jina lake.

Watathmini hao wapo. Nchi nyingi za Ulaya zina vituo vya mtandao wa ENIC-NARIC. Marekani na Kanada shirika linalojulikana sana ni WES. Uliza kwanza mwajiri anakubali ripoti ya nani, maana ripoti ya taasisi moja si lazima ikubaliwe na nyingine. Uliza pia anataka ripoti ya jumla, inayosema shahada yako inalingana na nini, au ya somo kwa somo, yenye alama za kila somo. Watathmini wengi hutaka nakala ya matokeo itoke chuoni moja kwa moja, na hapo ndipo miezi hupotea, hasa ukiwa umeshaondoka na huna wa kukufuatilia ofisini. Agiza nakala kadhaa zilizofungwa na kugongwa mhuri ungali karibu, na usizifungue bahasha, kwa sababu ikifunguliwa haina maana tena.

Kwa fani zinazodhibitiwa kisheria, kama uuguzi, udaktari na ualimu, kulinganishwa kwa shahada si leseni, na mwajiri hawezi kukuajiri kwa ripoti hiyo peke yake hadi bodi ya fani husika ikuandikishe. Usijiite kwa cheo cha fani ile kabla ya hapo, hata kwenye wasifu. Usiondoe somo ulilofeli ukarudia, kwani litaonekana kwenye nakala itakayotoka chuoni. Usiandike neno «sawa na» bila kusema ni sawa kwa mujibu wa nani. Na faili unayotuma, ifungue kwanza kwenye simu ya mtu mwingine, uone kama yale maandishi madogo ya ukurasa wa nyuma yanasomeka.