Kutoa takwimu kwenye slaidi na kuziandika kama sentensi za ripoti

Mdogo wangu wa kazini aliniletea rasimu ya ripoti yenye sentensi hii: "Idadi ya watu Dar es Salaam ilishuka kwa asilimia 1 kati ya mwaka 2012 na 2022." Mtu yeyote aliyewahi kugombania mwendokasi Kimara asubuhi anajua kuna kitu hakiko sawa hapo. Nikamuuliza ameitoa wapi. "Kaka, si iko kwenye slaidi? Ona, nguzo ya 2012 ni 9.7, ya 2022 ni 8.7." Ni kweli, namba zilikuwa pale. Alizisoma vizuri, akaziandika vibaya. Tuliketi mchana mzima, na ninachoandika hapa ndicho tulichofanya.

Hatua ya 1: Pata namba, usipime nguzo kwa jicho

Ukitumiwa faili la PowerPoint, bofya chati kwa kitufe cha kulia cha mausi, kisha Edit Data. Jedwali lililozaa chati litafunguka. Likigoma, nakili faili, badilisha mwisho wa jina la nakala kutoka .pptx kuwa .zip, lifungue, uangalie folda ya `ppt/embeddings`. Mara nyingi jedwali la Excel limelala humo. Ukikuta folda haina kitu, huenda chati ni picha tu, au imeunganishwa na faili lililobaki kwenye kompyuta ya aliyeitengeneza. Hapo mwombe mwenyewe.

Ukiwa na picha ya simu tu uliyopiga ukumbini, tumia namba zilizoandikwa juu ya nguzo. Zisipokuwepo, usikisie kabla ya kuangalia mhimili wa kushoto unaanzia wapi. Dar ilikuwa na watu milioni 4.36 mwaka 2012 na milioni 5.38 mwaka 2022. Mhimili ukianzia milioni 4, nguzo ya pili itaonekana ndefu karibu mara nne ya ile ya kwanza, na wewe utaandika kwamba watu "wameongezeka mara nne".

Jedwali lililo kwenye PDF mimi silinakili na kubandika. Safu huhama kimyakimya. Naandika kwa mkono kwenye Excel, kisha najumlisha safu nione kama inalingana na jumla iliyoandikwa.

Hatua ya 2: Kila namba na maelezo yake

Andika pembeni ya kila namba: ni ya nini, mwaka gani, kipimo gani, na kama ni asilimia, ni asilimia *ya nini*. Soma kichwa cha slaidi na maandishi madogo ya chini kwanza.

Hatua ya 3: Asilimia

Hapa ndipo mchana ulipokwenda.

Kichwa cha slaidi ile kilisema "Sehemu ya Dar es Salaam katika idadi ya watu wote." Kwa hiyo 9.7 na 8.7 hazikuwa hesabu ya watu. Zilikuwa hesabu ya watu wa Dar iliyogawanywa kwa watu wa Tanzania nzima. Namba ya namna hiyo inaweza kushuka kwa njia mbili: ya juu ipungue, au ya chini ikue haraka zaidi. Chati haikwambii ni ipi. Lazima utafute hesabu zenyewe, na kwa sensa zipo wazi.

Mwaka 2012 Tanzania ilihesabu watu 44,928,923, na Dar ikiwa na 4,364,541. Mwaka 2022 nchi ilikuwa na 61,741,120, na Dar 5,383,728. Dar iliongeza watu zaidi ya milioni moja. Nchi ilikua haraka kuliko Dar, basi sehemu ya Dar ikapungua. Kosa la kwanza la sentensi yetu ni hilo: kilichoshuka ni sehemu, watu waliongezeka.

Kosa la pili limejificha kwenye "kwa asilimia 1". Kutoka 9.7 hadi 8.7 ni tofauti ya *pointi* moja ya asilimia. Ukisema sehemu hiyo ilipungua kwa asilimia, unatakiwa ugawanye tofauti kwa namba ya mwanzo, na jibu ni takriban asilimia 10. Zote mbili ni sahihi zikiandikwa kwa jina lake. Mimi huepuka ubishi wote kwa kuandika "kutoka asilimia 9.7 hadi 8.7" na kuishia hapo. Pia chunga "kwa" na "hadi": "iliongezeka kwa asilimia 20" na "iliongezeka hadi asilimia 20" zinatofautiana kama mbingu na ardhi, na ukiandika haraka vidole havioni tofauti.

Kosa la tatu halikuwa kwenye rasimu, lilitokea tulipokuwa tunarekebisha. Dar ilikua kwa asilimia 23.4 katika miaka kumi. Mdogo wangu akagawanya kwa kumi, akapata 2.3 kwa mwaka. Hapana. Ongezeko la mwaka huu huzaa juu ya la mwaka jana, kama riba ya mkopo, hivyo kiwango cha mwaka huwa kidogo kuliko mgawanyo huo. Kwenye Excel, hesabu ya watu ya 2012 ikiwa A2 na ya 2022 ikiwa B2:

```
=(B2-A2)/A2*100
=LN(B2/A2)/10*100
```

Ya kwanza inatoa ongezeko la kipindi chote, ya pili kasi ya mwaka. Kwa Dar ni 23.4 na 2.1. Kwa nchi nzima ni 37.4 na 3.2, na hiyo 3.2 ndiyo iliyotangazwa rasmi, kwa hiyo una pa kujipimia. Ukipata 3.7, umegawanya ongezeko lote kwa kumi.

Jambo dogo la mwisho: kokotoa kwa namba kamili, kata desimali mwishoni.

Hatua ya 4: Andika aya

Anza na hesabu ya watu, kisha ongezeko, kisha sehemu. Msomaji akikutana na asilimia kabla ya hesabu atarudia kosa lile lile. Yetu ilitoka hivi:

"Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728, kutoka 4,364,541 mwaka 2012. Hilo ni ongezeko la asilimia 23.4 katika miaka kumi, au wastani wa asilimia 2.1 kwa mwaka. Katika kipindi hicho idadi ya watu wa Tanzania iliongezeka kwa asilimia 37.4. Kwa kuwa mkoa ulikua polepole kuliko nchi nzima, sehemu yake katika idadi ya watu wote ilipungua kutoka asilimia 9.7 hadi 8.7."

Ukifupisha, angalia neno unalotanguliza. "Zaidi ya milioni 61.7" ni sawa kwa nchi. "Zaidi ya milioni 5.4" kwa Dar si kweli, kwa sababu hawafiki. Andika "karibu milioni 5.4".

Hatua ya 5: Rudi nyuma

Mpe mwenzako ambaye hajaona slaidi aya peke yake, umwambie achore chati kutokana na maneno yako. Mdogo wangu alimpa dada wa masijala rasimu ya kwanza, akachora nguzo za watu zikishuka. Alipompa ya pili, alichora nguzo mbili zinazopanda, kisha akauliza: "Na hii ya sehemu niichore kwenye karatasi nyingine?"