SOMO: Mshale uko sifuri na bado umepunjwa – kukagua mizani kabla ya kulipa

Salaam zenu. Kila Jumamosi nikitoka hewani na kale kakipindi kangu ka redio hapa Tanga, simu inaanza: "Mwalimu, nitajuaje kama mizani imenipunja?" Nikienda Ngamiani kununua vitunguu, naulizwa hilo hilo. Juzi nimeulizwa mlangoni pa msikiti hata viatu sijavaa. Basi naandika mara moja. Atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa.

Hatua ya 1. Tafuta stika. Mizani ya biashara huhakikiwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka. Angalia stika na mwaka wake.

Hatua ya 2. Angalia sifuri, bakuli likiwa juu. Sahani au bakuli litakalotumika kupimia liwe limeshawekwa, ndipo usome. Simama mbele ya mizani, maana ukiusoma mshale kwa ubavu utaona namba nyingine. Kwa ya dijitali isome 0.000 na bakuli lile lile. Likibadilishwa bakuli, anza upya.

Hatua ya 3. Pima kitu unachokijua uzito. Hapa ndipo nilipoaibika, kwa hiyo vumilieni maelezo.

Nilipoanza kipindi nilikuwa nasema hewani, kwa sauti ya kujiamini kabisa, kwamba mshale ukiwa sifuri mizani ni safi. Siku moja nikaenda soko la samaki kununua pweza. Mizani ilikuwa ile ya kuning'iniza, yenye uso kama wa saa. Nikakagua sifuri, iko sawa. Mama akanipimia kilo 5, kilo moja shilingi 12,000, nikalipa 60,000. Nyumbani nina mizani niliyoihakiki mwenyewe. Pweza akasoma kilo 4.6. Gramu 400 hazipo, yaani shilingi 4,800.

Nikarudi na mori. Nikamsema yule mama mbele ya wateja wake. Akanijibu kwa upole, "Baba, si umeangalia mwenyewe?" Kweli niliangalia. Fundi mmoja wa mizani aliyekuwa pale akaifungua, akanionyesha springi imeliwa na kutu. Hapa kwetu upepo wa bahari una chumvi, na samaki wanadondosha maji ya chumvi juu ya chuma mchana kutwa. Waya wa springi ukipungua unene kwa asilimia 2 tu, springi inalegea kwa karibu asilimia 8, kwa sababu nguvu yake inashuka haraka mno kuliko unene. Springi iliyolegea inavutika zaidi kwa mzigo ule ule, na mshale unakwenda mbali zaidi.

Sasa angalia mtego ulipo. Bila mzigo, springi mbovu nayo inakaa sifuri, na isipokaa kuna skrubu ya kuirudisha. Kosa linakua pamoja na mzigo. Kwenye nusu kilo hulioni, kwenye kilo 5 ni mboga ya siku mbili. Mama wa watu hakujua kitu. Nilimwomba radhi pale pale, na Jumamosi iliyofuata nikajisahihisha hewani. Wapo wanaonikumbusha mpaka leo.

Fanya hivi. Beba chupa mbili za maji ya dukani za lita moja na nusu, ambazo hazijafunguliwa. Lita ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ni kilo 3, na plastiki yenyewe inaongeza kama gramu 50 au 60 kwa zote mbili. Mizani nzima itasoma kilo 3 na kidogo. Ile ya yule mama ingesoma kilo 3.3. Tofauti hiyo inaonekana hata bila miwani.

Angalieni:
- Chupa iliyonywewa hata funda moja haifai.
- Pima kwa mzigo unaokaribiana na utakaonunua. Chupa ndogo ya nusu lita haitakuonyesha kosa la kilo 5.
- Usimshitaki mtu kwa gramu 50. Chupa zako si mawe ya serikali. Zinakuambia tu kwamba hapa pana shaka. Kuthibitisha ni kazi ya mkaguzi wa vipimo.
- Usipaze sauti. Nimeshasema kwa nini.

Hatua ya 4. Kopo na kisado. Chukua kijiti. Pima kimo cha kopo kwa nje, kisha kwa ndani. Vikipishana zaidi ya unene wa bati, kitako kimegongwa kuja juu au kimewekewa kitu. Kisado chenye kina cha sentimita 20, kikipanda sentimita moja tu, umepoteza kisado kimoja katika kila ishirini. Halafu mkubaliane kabla: mfuto au tele? Wazee wetu walitofautisha, kibaba cha mfuto kinakatwa juu kwa ubao, cha tele kinaachwa na kilima chake. Ugomvi mwingi wa mchele unaanza pale mmoja anapofikiria tele na mwenzake mfuto.

Hatua ya 5. Bei igawe kwa uzito uliofika nyumbani. Kwa mfano, duka la kwanza mchele ni 2,800 kwa kilo, kilo kamili. La pili 2,700, lakini kila kilo inapungua gramu 60. Gawa 2,700 kwa 0.94, unapata 2,872. Wa pili ndiye ghali.

Jambo moja la mwisho, na wakulima mlisome. Mizani inayozidisha namba inamuumiza anayenunua. Inayopunguza namba inamuumiza anayeuza. Ukileta iliki au machungwa kutoka Muheza na tajiri ndiye mwenye mizani, mtego umegeuka: kwako sifuri ya kuogopa ni ile iliyo chini ya sifuri. Ya dijitali huandika alama ya kutoa mbele ya namba, na ukiona kidole kimefunika pembe ya kioo, omba kitoke.

---

MASWALI

kijana_wa_Makorora: Mkuu somo refu. Kwa kifupi ya dijitali haiibi, sivyo?

Mtoa somo: Hatua ya 2 na ya 3.

kijana_wa_Makorora: Nimesoma mkuu, lakini dijitali ina kompyuta ndani, haina springi.

Mtoa somo: Haina springi ya kuliwa kutu, hilo kweli. Lakini inasoma bakuli kama inavyosoma samaki. Akiiweka sifuri na bakuli jepesi kisha akapimia la chuma, unalipia chuma. Ikikaa juu ya meza inayoyumba, au feni ikiipiga, namba zinacheza. Chupa mbili, tafadhali.

mama_Zai: Assalaam alaykum mwalimu. Mimi ni muuzaji, duka la unga na sukari. Natumia ile ya sahani mbili na mawe. Chupa zinanisaidia, au kuna njia nyingine? Sitaki dhambi ya mtu.

Mtoa somo: Waalaykum salaam mama Zai. Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Mizani yako ina ugonjwa wake: mkono mmoja unaweza kuwa mrefu kuliko mwingine. Ikiwa tupu utaona imelala sawa, kwa kuwa sahani ya upande mfupi ni nzito kidogo na inaficha.

Weka jiwe la kilo moja kulia, mimina sukari kushoto mpaka ilale sawa. Kisha badilisha: sukari ile ile kulia, jiwe kushoto. Ikilala sawa tena, mikono ni sawa. Sukari ikipanda juu, ulikuwa unampunja mteja. Ikishuka, ulikuwa unajipunja mwenyewe, na hao wapo wengi kuliko tunavyodhani.

Mpaka fundi apatikane, mteja wa kilo mbili mpimie moja kushoto na moja kulia. Tuseme mkono mmoja umezidi kwa asilimia 2: kilo ya kwanza itatoka gramu 980, ya pili gramu 1,020. Jumla kilo mbili.

Mawe nayo yageuze chini. Mengi yana shimo lililojazwa risasi, na hapo ndipo chapa ya mkaguzi hugongwa. Risasi ikidondoka jiwe limekuwa jepesi, usilitumie.

mama_Zai: Nimegeuza sasa hivi. La nusu kilo lina shimo tupu! Miaka yote hii. Nimelitoa.

mvuvi_kaole: Niko Bagamoyo. Redio yetu ya jamii imeniomba nizungumze jambo hili kwa dakika kumi. Takwimu naziweka vipi zisiwachoshe watu?

Mtoa somo: Karibu sana ndugu yangu. Mimi niliwahi kusoma hewani "asilimia nane". Bibi mmoja akapiga simu akauliza hiyo ni kopo ngapi. Tangu siku hiyo nasema: katika kilo kumi na mbili ulizolipia, moja imebaki sokoni. Ni hesabu ile ile, na anaiona.

Chukua mfano mmoja tu, pweza au mchele, uende nao mpaka mwisho. Bei itaje mara mbili. Ingia studio na kisado cha mahindi. Kimimine karibu na maikrofoni, kisha pitisha rula juu ili wasikie ziada ikidondoka mezani. Mfuto na tele utakuwa umemaliza kwa sekunde tano.

Na simu zikifunguliwa, mpigaji asitaje jina la mfanyabiashara. Muulize alipimiwa kwa mizani ya aina gani. Ukimwachia ataje, dakika kumi zako zimekwisha, na pengine kosa ni la kutu.

tajiri_mdogo: Unatuharibia biashara. Wateja wanakuja na machupa kama wanakwenda safari.

Mtoa somo: Weka chupa zako mbili pale kaunta. Watazipima wenyewe na watarudi.

tajiri_mdogo: Na wao wanaotaka tele kwenye beseni pana mbona hujawasema?

Mtoa somo: Hapo umenipata, haki yako. Kilima hukua na upana wa mdomo. Kisado cha lita nne chenye mdomo wa sentimita 18, kilima cha mahindi ni kama theluthi ya lita. Mimina lita nne hizo hizo kwenye beseni pana, kilima kinazidi sana. Kwa hiyo mnunuzi wa jumla anayekuja na beseni lake na kudai tele anampunja mkulima mchana kweupe. Kata mfuto, au pima kwa kilo.

kijana_wa_Makorora: Nimeenda na chupa mbili leo. Ya kwanza imesoma 3.05, ya jirani yake 3.2.

Mtoa somo: Umenunua wapi?

kijana_wa_Makorora: Ya kwanza. Yule wa pili ameomba nimwachie chupa, anampelekea fundi.