Je, hela ya delivari unayotoza inatosha? Pima eneo kwa eneo

Kosa la kawaida ni kujumlisha delivari zote za mwezi, kuona zimebaki shilingi chache, kisha kutulia. Jumla huficha eneo linalokula faida ya mengine.

Kwanza, gawa maeneo kwa barabara, si kwa umbali tu. Rongai na Kitengela zote ziko nje ya mji wa Nairobi, lakini moja unaifikia kwa Magadi Road na nyingine kwa Mombasa Road, kwa hiyo boda haziunganishi. Roysambu, Kasarani na Ruiru zote ziko njia ya Thika Road, na mizigo yake inaweza kwenda pamoja.

Pili, fungua jedwali. Safu B iwe eneo, C alicholipa mteja kwa delivari, D ulichotoa wewe. Kila safari iwe na mstari wake, hata ile ya mzigo uliorudi. Hapo C ni sifuri, D inabaki. Ukimtumia mtu wa boda pesa kwa M-Pesa, ongeza ada ya kutuma kwenye D.

Tatu, toa hesabu ya kila eneo:

```
=SUMIFS(C:C,B:B,"Kitengela")-SUMIFS(D:D,B:B,"Kitengela")
```

Tuseme una duka katikati ya mji. Westlands na Kilimani: oda 40, umetoza 200, boda 150, zimebaki 2,000. Kitengela: oda 20 zimelipiwa 350 kila moja, jumla 7,000. Boda anachukua 400, na wateja watatu hawakushika simu, kwa hiyo safari ni 23: 9,200. Umepoteza 2,200, na Westlands yote imezama humo.

Ukigawa 9,200 kwa oda 20 zilizolipiwa unapata 460. Hiyo ndiyo bei halisi ya Kitengela, si 400 unayoambiwa na mtu wa boda. Ukipandisha hadi 400 tu bado unaumia.

Mizigo ya Kisumu au Eldoret hudanganya kwa namna yake: watu huandika nauli ya basi na kusahau boda wa kuupeleka mzigo ofisi ya basi.

Maswali ya wanachama

*Duka la viatu, Ngara:* Boda akibeba mizigo minne safari moja ya Thika Road, naandikaje?

Gawa malipo ya safari kwa minne, kila mzigo mstari wake. Ila usipange bei kwa siku hizo pekee, maana siku ya mzigo mmoja utalipa safari nzima.

*Vipodozi, Umoja:* Delivari ya bure ya ofa nayo naiingiza?

Iingize, lakini eneo liite "Kitengela ofa", ili isichafue hesabu ya bei. Hiyo ni gharama ya matangazo.

*Nguo za watoto, Kasarani:* Wanaokataa mzigo mlangoni nifanyeje?

Kwa maeneo ya mbali, omba hela ya delivari kabla boda hajaondoka. Bidhaa ilipwe ikifika. Utapoteza oda kadhaa, hasa za wale ambao wasingeshika simu.

*Nguo za watoto, Kasarani:* Na boda akidai ya kurudisha?

Iongeze kwenye D ya mstari ule ule. Akidai 200 kwa kila mzigo uliorudi, Kitengela yetu inafika 9,800, yaani 490 kwa oda.