Somo: Kuipima hotuba ya bajeti kwa mfuko wa nyumbani kwako (mfano wa 2021/22)

Kila Juni watu hubishana kuhusu trilioni, na trilioni hazimwambii mtu kama mwezi wa Julai atabaki na hela zaidi au pungufu. Hapa tutaichukua bajeti moja ya Tanzania tuipitishe kwenye kaya chache. Nimechagua ya 2021/22, iliyosomwa Dodoma tarehe 10 Juni 2021 na Waziri Mwigulu Nchemba. Ilikuwa ya shilingi trilioni 36.3, na ndani yake mkono mmoja ulitoa na mwingine ulichukua, kwa hiyo inafaa kujifunzia.

Hatua ya 1: Ruka kurasa za mwanzo

Hotuba huanza na hali ya uchumi, mafanikio na pongezi. Wewe nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya maboresho ya mfumo wa kodi, tozo na ada, ambayo imepangwa sheria kwa sheria. Chukua karatasi uandike yale tu yanayogusa kitu unachonunua, unacholipwa au unachotuma. Kwa mwaka ule orodha ya mtu wa kawaida ilikuwa fupi:

- kiwango cha chini cha PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, kilishuka kutoka asilimia 9 hadi 8;
- petroli na dizeli ziliongezwa shilingi 100 kwa lita;
- kutuma na kutoa pesa kwa simu kuliwekewa tozo ya shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, kulingana na kiasi;
- kodi ya jengo ilihamishiwa kwenye LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida;
- faini ya bodaboda ilishushwa kutoka 30,000 hadi 10,000.

Hatua ya 2: Geuza asilimia kuwa shilingi za mwezi

Hapa ndipo wengi huteleza. "PAYE imeshuka" ilishangiliwa sana, lakini asilimia ile moja ilihusu kipande cha mshahara kati ya 270,000 na 520,000 tu. Kipande hicho ni 250,000, na asilimia 1 yake ni 2,500. Hakuna mfanyakazi aliyepata zaidi ya hapo, awe analipwa laki sita au milioni tano. Aliye chini ya 270,000 hakupata kitu, maana hakuwa analipa PAYE tangu awali.

Mchukue mhudumu wa duka la dawa mwenye mshahara wa 400,000. Kwanza inakatwa NSSF asilimia 10, zinabaki 360,000, na PAYE inapigwa juu ya hiyo iliyobaki. Ukitoa 270,000 unapata 90,000, na asilimia 1 yake ni 900. Basi nafuu yake yote kwa mwezi ni shilingi 900. Sasa tuseme amepanga chumba chenye mita yake ya LUKU: akinunua umeme anakatwa 1,000. Ameshatoka hasara ya shilingi 100 kabla hajapanda daladala wala kumtumia mama yake hela. Na alipomtumia, tozo ya mwaka ule ilikatwa mara mbili: yeye alipotuma, na mama alipokwenda kwa wakala kutoa. Kaya ni ileile moja, ila imegawanyika kati ya mjini na kijijini.

Kwa dereva wa bodaboda anayetumia lita 4 kwa siku, siku 26 za mwezi, ongezeko la mafuta ni shilingi 10,400. Nafuu ya faini ni 20,000, lakini ataiona siku akikamatwa tu. Ili mambo yalingane inabidi apigwe faini karibu kila baada ya miezi miwili! Dereva makini, asiyekamatwa kabisa, ndiye aliyeumia zaidi.

Hatua ya 3: Uliza hela inakwenda wapi, na nani atakuwa karibu nayo

Hesabu ya hapo juu ni nusu tu. Shilingi 100 za mafuta zilielezwa kuwa za barabara za vijijini na mijini chini ya TARURA, na tozo ya miamala ilikuja kujenga vituo vya afya na madarasa. Kwa mama wa kijijini ambaye kituo cha afya kilikuwa mbali, tozo ya mwaka mzima inaweza kuwa ndogo kuliko nauli moja ya kumpeleka mtoto hospitali. Kwa mpangaji wa mjini mwenye zahanati mtaani, hesabu hiyo haimsaidii. Ndiyo maana sipendi mtu anaposema bajeti "ni nzuri" au "ni mbaya" bila kusema kwa nani.

Hatua ya 4: Tenganisha mkopo mpya na mkopo wa kulipia mkopo

Mwishoni mwa hotuba kuna jedwali la mapato na matumizi. Mwaka ule Serikali ilipanga kukopa ndani ya nchi trilioni 4.99. Ukiishia hapo utadhani ni miradi mipya. Soma sentensi inayofuata: trilioni 3.15 zilikuwa za kulipia hatifungani na dhamana, yaani mikopo ya zamani ya Serikali iliyofika muda wa kulipwa, na trilioni 1.84 ndizo za miradi. Kila mwaka linganisha namba hizo mbili. Ya kwanza ikizidi kukua huku ya pili imesimama, jua makusanyo ya kesho yameshapangiwa kazi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mimi ni mama lishe, silipi PAYE. Bajeti inanihusu nini?

Dada, inakuhusu kuliko unavyodhani, kwa sababu hakuna kilichopunguzwa kwako na vilivyoongezwa vyote vinakufikia. Wateja wanakulipa kwa simu, ukitoa unakatwa. Mafuta yakipanda, gunia la mchele linapanda na gari lililolileta. Andika makato ya simu ya wiki moja kutoka kwenye meseji, zidisha kwa nne, utapata namba yako mwenyewe.

Nimepanga, kwa nini nilipe kodi ya jengo la mtu?

Kisheria ni ya mwenye nyumba. LUKU haijui nani mwenye nyumba, inamkata anayenunua umeme. Weka kumbukumbu za tokeni na mkubaliane ikatwe kwenye pango. Baadaye kiwango kilipanda hadi 1,500 kwa mwezi, sawa na 18,000 kwa mwaka, kwa hiyo mazungumzo hayo yana faida.

Serikali ikikopa ndani, mimi naumia au nafaidika?

Inategemea uko upande gani wa meza. Aprili 2021 hatifungani ya miaka 25 ilitoka kwa riba ya asilimia 15.95. Benki na mifuko ya hifadhi ya jamii hununua nyingi, kwa hiyo mchango wako wa NSSF huenda umo humo. Hata mtu binafsi anaruhusiwa kununua, kuanzia shilingi milioni 1. Ila ukienda benki kuomba mkopo wa cherehani, kumbuka unashindana na mkopaji anayetoa riba hiyo na asiyetiliwa shaka.

Bunge likishapitisha, si ndiyo basi?

Sheria ya Fedha huanza kutumika Julai 1, lakini viwango vingine hukaa kwenye kanuni za waziri, na kanuni hubadilika bila kusubiri Juni. Tozo ya miamala ilianza Julai 15, 2021. Baada ya kelele za wananchi ilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo. Kwa hiyo ukimaliza hotuba, tafuta kanuni kwenye Gazeti la Serikali, kisha rudia hesabu ya hatua ya 2 kwa viwango vya humo.