Jinsi ya kuomba namba ya usajili wa jenomu GenBank: vipimo vitatu kabla ya kubonyeza Submit

Ombi lenyewe la kusajili jenomu GenBank, hazina ya umma ya mfuatano wa DNA, ni fupi. Unafungua akaunti kwenye Submission Portal ya NCBI, kituo cha Marekani kinachoiendesha, unasajili mradi (BioProject) na sampuli (BioSample), kisha unapakia faili la FASTA. Kazi kubwa iko kabla ya hapo, kwa sababu jenomu ikishatoka hadharani wengine watajenga juu yake, pamoja na makosa yake.

Mfano wetu ni hamira, *Saccharomyces cerevisiae*. Jenomu ya aina yake iitwayo S288C ilikamilika mwaka 1996, ina kromosomu 16 na urefu wa besi milioni 12.1 hivi. Tuseme umesoma DNA ya aina iliyo karibu nayo sana kwa mashine ya visomo virefu ya Oxford Nanopore, kisomo kikiwa kipande cha DNA kilichosomwa kwa mkupuo mmoja, na programu ya kuunganisha imekupa kontigi 15, yaani vipande 15 virefu vya DNA visivyo na pengo. Mbili kati ya kromosomu, ya 13 na ya 14, zimegandishwa pamoja kimakosa. Wewe hujui hilo bado. Swali ni kipimo gani kitakuambia.

Hatua ya 1: Pima mwendelezo

```
quast.py hamira.fasta -r S288C.fasta -o quast_hamira
```

Programu hii, QUAST, hulinganisha kontigi zako na jenomu rejea, yaani S288C. Fungua `report.txt` utafute N50. Namba hii hupatikana kwa kupanga kontigi kuanzia ndefu kuliko zote, kisha kujumlisha urefu wake mpaka ufike nusu ya jenomu yote. Urefu wa kontigi iliyokufikisha hapo ndio N50.

Fanya hesabu hiyo kwa mkono angalau mara moja. Kromosomu za S288C, kwa maelfu ya besi, huanza na 1532, 1091, 1091, 1078, 948, 924. Nusu ya jenomu ni kama 6035. Ukijumlisha tano za kwanza unapata 5740. Ukiongeza 924 umevuka. Kwa hiyo N50 ya hamira iliyounganishwa sawasawa ni 924.

Sasa rudi kwenye faili lako. Kromosomu ya 13 (924) na ya 14 (784) zimekuwa kontigi moja ya 1708. Mpangilio unaanza 1708, 1532, 1091, 1091, 1078, na jumla ya hizo tano ni 6500. N50 yako ni 1078. Kosa limeipandisha! Mwanafunzi anayelinganisha programu mbili kwa N50 peke yake atachagua ile iliyokosea, na atakuwa na uhakika kamili.

Kinachoweza kukushtua hapa ni urefu wa kontigi kubwa. Kromosomu ya 4 ndiyo ndefu kuliko zote katika S288C, nayo ni 1532. Kontigi ya 1708 inahitaji maelezo. Angalia pia NG50, ambayo hutumia nusu ya ukubwa unaotarajiwa wa jenomu badala ya nusu ya faili lako. N50 hupanda pia mtu akitupa kontigi fupi, lakini NG50 haidanganyiki kwa njia hiyo.

Hatua ya 2: Pima ukamilifu wa jeni

```
busco -i hamira.fasta -l saccharomycetes_odb10 -m genome -o busco_hamira
```

BUSCO hutafuta jeni ambazo karibu kila kiumbe wa kundi hilo huwa nazo, tena nakala moja moja. Orodha hii ina jeni 2137. Matokeo hutoka kwa mstari mmoja, kwa mfano:

```
C:99.1%[S:97.0%,D:2.1%],F:0.3%,M:0.6%,n:2137
```

C ni zilizopatikana nzima, S zikiwa na nakala moja na D zaidi ya moja. F ni zilizopatikana nusunusu, M hazikuonekana. Usiishie kwenye C. D ikiwa kubwa kwa kiumbe mwenye seti moja ya kromosomu, huenda kuna kontigi zilizoandikwa mara mbili au sampuli imechanganyika. F na M zikipanda ilhali urefu wa jenomu uko sawa, shuku besi zilizoongezwa au kurukwa, hasa pale herufi moja inapojirudia mfululizo. Makosa hayo huvuruga usomaji wa jeni, na dawa yake ni kusahihisha faili kwa visomo kisha kupima upya.

Kwa mfano wetu BUSCO haitasema lolote. Jeni zote za kromosomu ya 13 zipo, za 14 zipo, kila moja nzima. Kipimo hiki huhesabu jeni, hakiulizi zimepangwa kwenye kromosomu ipi.

Hatua ya 3: Tafuta viungo vya uongo

Hapa ndipo nakusihi utumie muda wako mwingi. Rudi kwenye ripoti ya QUAST, mstari wa `# misassemblies`. QUAST huhesabu kosa pale ambapo pande mbili za kontigi zinaangukia kromosomu tofauti za jenomu rejea, au zimepishana zaidi ya besi 1000, au upande mmoja umegeuzwa. Kontigi yetu itaonekana kama `translocation`.

Hata hivyo, hiyo ni tuhuma tu. Aina yako inaweza kweli kuwa na kromosomu zilizobadilishana vipande, na rejea haiwezi kukuambia. Shahidi ni visomo vyako mwenyewe, ukivipanga juu ya kontigi kwa minimap2:

```
minimap2 -ax map-ont hamira.fasta visomo.fastq.gz | samtools sort -o hamira.bam
samtools index hamira.bam
```

Fungua faili hilo kwenye IGV, programu ya kutazama visomo vilivyopangwa, washa `Show soft-clipped bases`, nenda kwenye kiungo, karibu na besi ya 924,000. Kiungo cha kweli huvukwa na visomo kadhaa virefu, vyenye maelfu ya besi zinazolingana kila upande. Kiungo cha uongo huonyesha visomo vinavyokatika vyote sehemu moja, au kina cha usomaji, yaani idadi ya visomo vinavyofunika kila besi, kinachoporomoka ghafla. Visomo vinavyoonekana vyeupe usivihesabu kuwa ushahidi. Programu haikuwa na hakika vinakaa wapi.

Chanzo cha kawaida ni sehemu zinazojirudia. Karibu na ncha za kromosomu za hamira kuna vipande viitwavyo Y', vyenye urefu wa hadi besi 6,700 hivi, na vinafanana kwenye kromosomu nyingi. Kisomo kifupi kuliko hapo hakiwezi kujua kinaendelea kromosomu ipi. Ukikuta pia mfululizo wa telomia, ambao kwa kawaida hukaa kwenye ncha za kromosomu, katikati ya kontigi, ushahidi umekuwa mzito.

Ushahidi ukikubaliana, kata kontigi pale pale, kisha rudia hatua zote tatu. N50 itashuka mpaka 924, nawe utakuwa na faili bora zaidi.

Usikate kila penye kituko lakini. Kwenye kromosomu ya 12 kuna jeni za rRNA zinazojirudia mara 100 hadi 200, na programu huzibana kuwa nakala chache. Kina cha usomaji hapo kitaruka juu sana. Hilo liache, ulitaje kwenye maelezo yako.

Hatua ya 4: Wasilisha

Ondoa kontigi zilizo chini ya besi 200. Kwenye fomu utaulizwa programu ya kuunganisha na toleo lake, kina cha usomaji na aina ya mashine, kwa hiyo viandike mapema. NCBI itachuja DNA ngeni na mabaki ya adapta. Ukirudishiwa orodha, rekebisha faili na upakie tena. Ukigundua kiungo kingine cha uongo baada ya kupewa namba, tuma sasisho chini ya namba ile ile: herufi za mwanzo hubaki, na tarakimu za toleo hutoka 01 kwenda 02.