Muuzaji wa eBay hajatuma mzigo: namna ya kufungua dai na kumwandikia

Tuchukue mfano wa mtu wa Chake Chake aliyeagiza impela ya pampu ya maji ya mashine ya boti tarehe 2 Juni. eBay iliandika kwamba siku ya mwisho ya kufika ni 24 Juni. Tarehe hiyo ndiyo ya kuinakili, kwa sababu dai hufunguliwa ikishapita, na una siku 30 tu, yaani mpaka 24 Julai.

Kwanza fungua namba ya ufuatiliaji. Ikiwa bado imesimama kwenye "Label created", muuzaji amechapisha karatasi ya anwani lakini posta haijapokea kifurushi. Wengi huona namba wakadhani mzigo uko baharini, wakakaa kungoja. Piga picha ya skrini pamoja na tarehe.

Kisha mwandikie muuzaji humo humo ndani ya eBay, si WhatsApp, maana mazungumzo ya nje ni vigumu kuyatumia kama ushahidi. Andika kwa ufupi, na kama hajui Kiswahili, mfasirie:

"Ndugu muuzaji, nililipia impela tarehe 2 Juni. Siku ya mwisho ya kufika ilikuwa 24 Juni, na namba uliyonipa haioneshi kuwa posta imepokea kifurushi. Naomba unirudishie pesa zangu zote."

Usimngoje ajibu. Siku hiyo hiyo, tuseme Alhamisi 25 Juni, ingia kwenye "Purchases", tafuta impela, bonyeza "More actions", halafu "I didn't receive it". Chagua kurudishiwa pesa na uambatishe picha yako.

Muuzaji ana siku 3 za kazi. Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi, kwa hiyo siku zake ni Ijumaa, Jumatatu na Jumanne. Jumatano ikifika bila ufumbuzi, rudi kwenye dai uiombe eBay iingilie kati. Ukiacha kuomba, dai linaweza kulala hapo hapo.

Pesa nyingi hupotelea hapa: muuzaji huandika kwa upole, "Funga dai, nitakurudishia kesho." Usifunge. Dai lililofungwa halifunguliwi tena, na anaweza kukurudishia pesa dai likiwa wazi. Akisema ametuma kifurushi kingine, mwombe namba mpya, na uamini pale tu posta itakapoonesha imekipokea.

Usifungue dai jingine PayPal kwa wakati huo huo, kwani eBay italifunga lake.

Kwa wanaopitishia mizigo kwa wakala wa Dubai, ulinzi huu unaishia mlangoni kwa wakala. Ikioneshwa kifurushi kimefika kwake, kisha kikapotea kabla ya kufika bandari ya Malindi, Unguja, au Mkoani, mdai wakala, si muuzaji.